Kizazi Kilichoziacha Jozi Hasi

Sisi tulioingia kazi hii miaka ya 1990 tulilelewa kwa jozi. Mwaka 1993 mitandao pacha ililinganisha saini: mbili za mtu mmoja zivutane, ya kughushi isukumwe mbali. Baadaye picha zikashika nafasi ya saini, imani ikabaki ileile. Ukiufundisha mtandao kwamba hivi viwili vinafanana, usiufundishe kamwe vinavyotofautiana, utatoa jibu moja kwa kila picha. Hasara itashuka hadi chini kabisa na hautakuwa umejifunza kitu. Huko ndiko kuporomoka. Ndiyo maana SimCLR ya mwaka 2020 ilifanya vizuri kwa mafungu makubwa ya picha, 4,096 na zaidi kwa mkupuo: kila picha ilihitaji umati wa kusukumana nao.

Mwaka huohuo vijana wakaziacha jozi hasi. Ilianza BYOL, kisha Xinlei Chen na Kaiming He wakapunguza kila kilichopunguzika, wakabaki na SimSiam. Picha moja inakatwa na kupakwa rangi kwa namna mbili. Sura zote mbili zinapita kwenye kisimbaji kimoja. Ya kwanza inaongezewa kibashiri kidogo kinachojaribu kuotea ya pili. Siri imo katika neno moja:

```
def D(p, z):
    return -cos(p, z.detach()).mean()
```

`detach()` inasimamisha gradienti. Upande wa pili unakuwa shabaha tu. Hauruhusiwi kusogea ili kumrahisishia mwenzake. Kwa neno hilo walipata usahihi wa asilimia 67.7 kwenye ImageNet. Walipoliondoa, asilimia 0.1, sawa na kubahatisha kati ya aina 1,000.

Niliposoma hayo sikuamini, kwa sababu jibu la kuporomoka bado lilikuwepo, palepale, na hasara yake ni ndogo kuliko zote. Nilichukua kalamu nikaupunguza mtandao hadi namba mbili: kisimbaji ni w, kibashiri ni p. Picha ni namba x ambayo wastani wa mraba wake ni 1, na kila sura inaongezewa kelele yake yenyewe, yenye wastani wa mraba 0.25. Hasara ni nusu ya mraba wa tofauti kati ya pande mbili. Ukitafuta gradienti inavyomsogeza w, unapata:

```
bila detach:   -w(1.25p² - 2p + 1.25)
na detach:     p·w(1 - 1.25p)
```

Itazame ya kwanza. Kilicho ndani ya mabano hakishuki chini ya 0.45, hata umpe p thamani gani. Kwa hiyo w anasinyaa kila hatua mpaka sifuri. Sasa itazame ya pili. Kibashiri kikiwa 0.5, w anakua. Kikifika 0.8, anatulia mahali alipo, na 0.8 ndipo kibashiri chenyewe kinapovutwa, kwa kuwa ndiyo makisio bora mbele ya kelele ile. Kiondoe kibashiri, yaani p iwe 1, na w anasinyaa tena hata ukiwa na `detach()`. Vyote viwili vinahitajika, na kalamu inaonyesha kwa nini.

Sifuri haikufutwa. Ukianzia w = 0 utabaki hapo. Ila njia haielekei huko, mradi kibashiri kiwahi kufika pake kabla w hajasinyaa. Kizazi changu tulitazama chini ya bonde tukaogopa; wao walitazama maji yanatiririkia wapi. Yuandong Tian na wenzake waliipanua hesabu hii mwaka 2021 kwa mitandao yenye vipimo vingi, bado ya mstari tu. Mtandao halisi wenye tabaka nyingi haujatoshelezwa na hesabu hizo, na sipendi kusikia watu wakisema umeshaeleweka.

Juzi mwanafunzi wangu aliniita. "Mwalimu, hasara imefika −1 ndani ya dakika chache!" Alikuwa na furaha. Nikamwomba apime mtawanyiko wa kila kipimo cha matokeo baada ya kuyasawazisha urefu. Ukiwa na vipimo 2,048 vilivyotawanyika vizuri, unatarajia karibu 1/√2048, yaani 0.022. Yeye alipata sifuri. Kumbe alipokuwa akiisafisha programu yake aliifuta `detach()`. Akairudisha, namba ikapanda hadi 0.021.

Hapo nami nikamzuia kufurahi mapema. Vipimo 2,048 vinaweza kutawanyika vyote huku vikirudia habari ileile, na upimaji ule usione. Nikamwambia achore thamani maalumu za matriki ya kovariansi, kuanzia kubwa hadi ndogo. Mstari ulishuka taratibu, kisha ukaanguka ghafla kabla ya kufika katikati. Sasa anaujaribu mtandao wake kwa data zaidi, na kila jioni ananiletea mchoro mpya wa mahali mstari ulipoangukia.