Kaye ya Mama Furaha

Juma hili ninawaletea habari ya jirani yangu anayeuza maharagi katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Nitamwita Mama Furaha, ingawa si jina lake. Ameniruhusu nieleze hesabu yake yote, kwa sharti moja tu, kwamba nisifiche hata kile kilichomtia haya.

Ilianza jioni moja binti yake aliporudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya minervali. Nilisikia sauti nyumbani mwao, kisha Mama Furaha akaja kwangu, akakaa kwenye kiti bila kusema kitu. Nikampa maji. Mwishowe akasema:

«Mwalimu, bwana anasema ninaficha feza. Anasema kila juma ninapata benefisi ya faranga 40.000, na mtoto anafukuzwa shuleni. Na mimi mwenyewe sijui cha kumjibu, kwani hiyo 40.000 ni mimi niliyemwambia.»

Nikamuuliza alivyoipata hesabu hiyo. Ilikuwa rahisi. Gunia la kilo 100 alilinunua depo kwa faranga 200.000. Zamani alikuwa amelipima gunia zima kwa kopo lake, akisawazisha kila kopo kwa mkono, akapata makopo 80. Kila kopo aliliuza faranga 3.000. Makopo 80 ni 240.000, ukiondoa 200.000 inabaki 40.000. Na gunia liliisha kwa siku sita, kutoka kazi moja hadi posho.

Hesabu hiyo haikuwa na kosa la kutoa wala la kuzidisha. Lakini ilikuwa hesabu ya gunia lililolala depo, si ya gunia lililofika sokoni. Nikampa kaye ya kurasa 48 na biki, tukapatana ajaribu gunia moja tu, kuanzia kufunguliwa hadi kuisha.

Mama Furaha hakusoma sana, na sokoni hakuna nafasi ya kuandika maneno. Kwa hiyo ukurasa wa kila siku tuliugawa sehemu nne kwa mistari. Ya kwanza ni makopo yaliyouzwa kwa feza mkononi, ya pili ni yaliyokopeshwa, ya tatu ni yaliyokwenda nyumbani, ya nne ni feza iliyotoka katika mfuko. Kila kopo likitoka, anachora kijiti kimoja. Vijiti vinne vikisimama, cha tano anakilaza juu yao, ili jioni ahesabu kwa tano tano. Katika sehemu ya nne anaandika namba peke yake, na jioni binti yake anaweka jina kando yake: tikiti, chai, mbebaji. Nilimwomba jambo moja tu: kijiti kichorwe kabla mteja hajaondoka. Ukisema «nitaandika baadaye», watatu wakifuatana umekwisha kusahau.

Siku ya pili jioni kaye ilimgombeza. Vijiti vilisema makopo 12, yaani faranga 36.000, na ukitoa matumizi aliyoandika ilipaswa kubaki 33.000. Mfukoni mlikuwa 31.000. Alifikiri sana, kisha akakumbuka kwamba mtoto mdogo alipita sokoni akapewa 2.000 za kununua mboga. Hapo nikamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya kuhesabu mfuko kila jioni. Kaye na mfuko visipolingana, kuna kitu kilichotoka bila kuonekana, na ni rahisi kukikumbuka jioni ileile kuliko siku ya posho.

Siku ya posho gunia likaisha. Tukakaa sisi watatu, yeye, mimi na binti yake, tukahesabu vijiti. Feza mkononi, makopo 66. Mkopo, makopo 6. Nyumbani, makopo 4. Jumla makopo 76.

«Mengine manne yako wapi?» akauliza. Akafikiri ameibiwa. Nikamwambia apime kopo moja mbele yangu kama anavyompimia mteja. Akajaza, akasawazisha, kisha mkono wake ukarudi wenyewe katika sahani, ukachukua maharagi ya kujaza kiganja, ukayamwaga juu. Tukacheka sote. Ni matabishi! Kila mteja anapewa matabishi, na kiganja kimoja hakionekani kitu. Lakini viganja ishirini vilikuwa kopo zima, na gunia lote lilitoa makopo 4 bure, yaani faranga 12.000.

Kisha tukajumlisha matumizi ya biashara. Mbebaji wa kutoa gunia depo hadi mezani, 5.000. Tikiti ya soko, 500 kwa siku, jumla 3.000. Sashe, 2.000. Chai na mandazi yake mwenyewe sokoni, 1.000 kwa siku, jumla 6.000. Yote ni 16.000.

Basi hesabu ikawa hivi. Makopo 76 ni 228.000. Toa gunia, 200.000. Toa matumizi, 16.000. Inabaki faranga 12.000. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya juma zima, hata kama wakopaji wote watalipa. Mama Furaha akanyamaza. Halafu akaweka kidole kwenye vile vijiti vinne vya nyumbani. Makopo 4 kwa 3.000 ni 12.000. Faida yote ilikuwa imepikwa katika chungu.

Lakini jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa mfuko. Alikuwa ameshika feza ya makopo 66, yaani 198.000. Matumizi ya biashara yalitoa 16.000. Feza ya mboga na sabuni za nyumbani, 2.000 kwa siku, ilitoa 12.000. Likelemba ilitoa 10.000. Ikabaki 160.000, na gunia jipya ni 200.000. Ilipungua 40.000, faranga zilezile ambazo bwana na bibi walikuwa wakigombania.

«Sasa nimejua,» akasema polepole. Kila juma alikuwa akilipa sehemu ya gunia na kuiacha sehemu nyingine kama deni kwa mwenye depo. Wakopaji walipolipa mwisho wa mwezi alipunguza kidogo. Na zamu yake ya likelemba ilipofika, feza yote ilikwenda depo. Alidhani anaweka akiba kutoka katika faida, kumbe alikuwa akitoa mtaji kwa mkono mmoja na kuurudisha kwa mkono mwingine, na nyumba ilikuwa inakula katikati.

Wamama, hapa mimi pia nilijifunza. Nilikuwa tayari kumwambia aache likelemba na aache matabishi. Yeye alikataa, na alikuwa na haki. Mteja wa Kadutu huangalia mkono wako kuliko bei yako. Ukimnyima matabishi anahamia meza ya pili, tena anaenda kuwaambia wengine. Kwa hiyo alitafuta njia yake: akachukua kifuniko kidogo cha chupa ya maji ya kunywa, lakini kikawa kidogo mno, wateja wakanung'unika siku nzima. Akachukua kijiko kikubwa cha supu, wakaridhika. Kijiko hakifiki nusu ya kiganja kizuri cha mama mwenye huruma, na hakibadiliki wakati umechoka au unapopimia rafiki.

Chai alianza kuitoa nyumbani katika termosi, akabaki na 2.000 tu ya mandazi kwa juma. Kwa mkopo aliweka sheria moja: hapewi kopo la pili aliye na kijiti ambacho hakijakatwa. Aliyekasirika alionyeshwa kaye, na kwa sababu imeandikwa, mabishano yalikuwa mafupi. Likelemba hakuiacha, ila alitafuta mama mwingine wakashirikiana mkono mmoja, kila mmoja 5.000.

Jambo lililobaki lilikuwa gumu zaidi kwa sababu si la soko. Siku moja jioni alimwita bwana yake, akaweka kaye mezani, akamwachia binti yao asome kwa sauti. Mimi sikuwepo, na haikunipasa kuwepo. Aliniambia tu kwamba bwana aliomba vijiti vya nyumbani visomwe mara mbili, kisha akasema: «Kumbe ni sisi tuliokula minervali.» Tangu siku hiyo maharagi ya nyumbani yananunuliwa kama mteja yeyote anavyonunua, na mboga ni kazi ya bwana anapopata kibarua cha kujenga. Anapokosa, wanakula maharagi bila mboga, na hakuna anayeuliza 40.000 iko wapi.

Gunia la mwezi uliofuata lilitoa makopo 78. Hiyo ni 234.000. Ukitoa gunia 200.000 na matumizi 12.000, inabaki 22.000. Anaigawa siku ya posho, si kabla: 12.000 ya nyumba, maharagi ya chungu yakiwa ndani yake, 5.000 ya likelemba, 5.000 ya minervali katika bahasha ya binti. Deni la depo bado lipo, linapungua kwa feza ya wakopaji wa zamani. Sitawadanganya kwamba limekwisha.

Na kaye ina mipaka yake. Haiwezi kushusha bei ya depo. Majuma mawili yaliyopita gunia lilipanda hadi 210.000 kabla hajaongeza bei ya kopo. Mama Furaha alitaka kugawa 22.000 kama kawaida, lakini binti yake akamzuia: gunia linalokuja linahitaji 10.000 zaidi, basi juma hili faida ya kugawa ni 12.000 tu. Faida hupimwa kwa bei ya gunia unalokwenda kununua, kwani hilo ndilo litakalokaa mezani kesho kutwa. Waliacha likelemba na bahasha zichukue 10.000 zao, na nyumba ikachukua 2.000. Lilikuwa juma la njaa kidogo. Lakini siku ya kazi moja gunia lilikuwa mezani, limelipwa lote.

Kaye ya kwanza imejaa, na ya pili aliinunua mwenyewe. Aliandika 500 katika sehemu ya nne, matumizi ya biashara, kisha akaniuliza kama amekosea. Nikamwambia hapana, Mama Furaha. Hapo ndipo mahali pake.