BETI MBILI KWA MAMA WA MARANGU

Ndugu zangu na dada zangu, wiki iliyopita baada ya swala ya alasiri alibaki msikitini kijana mmoja wa hapa Moshi mjini. Jina lake nalihifadhi. Kwao ni Marangu, katika familia ya Kikristo, naye amesilimu miaka sita sasa. Mama yake anatimiza miaka sabini, na ndugu zake wamepanga kukutana nyumbani. Akaniambia: "Sheikh, kila mmoja ataleta zawadi. Mimi nataka nimsomee shairi fupi lenye vina. Mama anadhani dini imemnyang'anya mtoto. Nisaidie."

Najua wapo watakaouliza hukumu ya siku ya kuzaliwa. Wanazuoni wana maneno yao humo, na leo sikuandika kwa ajili ya hilo. Leo nataka tuone jinsi beti mbili zinavyotungwa, kwa sababu wengi mnaniletea mistari mnayoiita mashairi, nami nikiihesabu naona haijasimama.

Swali la kwanza lilikuwa lugha. Watoto wa dada yake walitaka Kiingereza. Nikamuuliza, mama anakijua? Akasema hapana. Basi zawadi asiyoielewa mwenyewe ni ya wanaosikiliza pembeni. Yeye alifikiria Kichagga, ndiyo lugha ya moyo wa mama. Ni fikra njema, lakini kijana amekulia mjini, anakisikia zaidi kuliko anavyokisema. Tena Kichagga cha Marangu si cha Machame wala cha Kibosho, na ni lugha yenye toni: maneno mawili yanaweza kufanana kwenye karatasi, yakasikika tofauti mdomoni. Asiyeimudu vizuri atapanga vina vya macho, na mama atasikia mtoto anayejikwaa.

Kiswahili kina wepesi wake hapa. Karibu kila silabi yetu inaishia na vokali, kwa hiyo vina ni vingi na sikio linavikamata haraka. Tukakubaliana: shairi liwe la Kiswahili, na kabla ya kuanza amwambie mama "Aika, mae", yaani asante mama, kwa lugha yake. Maneno hayo mawili anayaweza bila kutetereka.

Sasa tazameni alichokuwa amekiandika:

Mama yangu nakupenda, mama yangu wewe ni mzuri,
Tangu mtoto umenilea, Mungu akupe maisha mazuri.

Na chini yake aliweka mstari wa kumwita mama aingie katika Uislamu.

Tuanze na mizani. Shairi letu la kawaida, tarbia, lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni hizi katika kitabu chake "Sheria za Kutunga Mashairi", kilichotoka mwaka 1954, na ndizo tulizosomeshwa shuleni. Hesabu kwa vidole: ma-ma-ya-ngu-na-ku-pe-nda. Nane, sawa. Kipande cha pili: ma-ma-ya-ngu-we-we-ni-m-zu-ri. Kumi. Angalieni ile "m" ya "mzuri": inasimama peke yake na inahesabiwa. Lakini "nda" ya "nakupenda" ni silabi moja, haikatwi. Mstari wa pili una kumi na kumi na moja. Hata bila vidole utagundua, kwa sababu ukisoma kwa sauti pumzi inaisha kabla ya kipande.

Pili, vina. Yeye aliona "nakupenda" na "umenilea" vinaishia na "a", akadhani vimelingana. Kina ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti na vokali yake. "Nda" na "a" havifanani. Na "mzuri" na "mazuri" vimelingana, lakini ni neno lile lile limerudi na kanzu nyingine. Sikio halipati kitu kipya.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mistari ile inamfaa mama yeyote. Mama akisikia "nakupenda, umenilea", atatabasamu, kisha atasahau. Nikaifunika karatasi, nikamwambia: "Achana na vina kwanza. Niambie kitu ulichomwona mama yako akikifanya, ambacho mimi sikukiona."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mama yake alikuwa akitoka gizani na mkungu wa ndizi kichwani kwenda soko la Marangu Mtoni. Wakati wa masika njia ile inateleza, na mara nyingi alifika na tope hadi magotini. Fedha ile ndiyo iliyolipa ada yake ya sekondari. Nikamwambia, hilo ndilo shairi, kilichobaki ni kulipima.

Tukaanza na neno ambalo halikwepeki: ndizi. Likatupa kina cha mwisho, "zi". Tukaandika pembeni maneno yanayoishia hivyo na yanayomhusu mama huyu: kazi, usingizi, utelezi. Kijana akataka kuongeza "mapenzi". Nikamkatalia, kwa sababu silabi yake ya mwisho ni "nzi", si "zi". Kwa kina cha kati tukachukua "ko", kwa kuwa anazungumza na mama na maneno kama "yako" na "wako" yatakuja yenyewe. Hapo kuna hatari: ukijaza "yako, wako, lako" kila mahali, vina vinakuwa vya bei rahisi. Tukahakikisha "soko" limo ndani.

Mstari wa kwanza alitaka uwe "umebeba mkungu wa ndizi". U-me-be-ba-m-ku-ngu-wa-ndi-zi: kumi. Tukapunguza kitenzi kikawa "kuna mkungu wa ndizi", zikatimia nane. Mara nyingi mizani ikizidi, dawa ni kitenzi kifupi zaidi. Usikate neno mpaka likawa si Kiswahili.

Ubeti wa pili tulibadilisha vina. Neno "sabini" lilikuwa lazima, likatupa "ni" katikati. Kina cha "ni" ni mtego kwa watunzi wapya, kwa sababu kila nomino ya mahali inakupa: nyumbani, sokoni, shambani. Ubeti mzima ukijazwa hivyo unakuwa orodha ya mahali. Tukaruhusu neno moja tu la namna hiyo. Na neno "shukrani" tuliliacha, maana mmoja atalihesabu silabi tatu na mwingine nne. Ukilihitaji kwa nne, andika "shukurani" kama watunzi wanavyofanya.

Hili hapa lilivyokamilika:

Gizani kichwani kwako, kuna mkungu wa ndizi,
Ukalifikia soko, njia ina utelezi,
Ada yangu, jasho lako, hukujua usingizi,
Utue mzigo wako, mwanao nishike kazi.

Leo miaka sabini, tumehesabu vizuri,
Sioni chenye thamani, kulipa hiyo safari,
Namwomba Mungu moyoni, akuzidishie heri,
Utue mzigo wako, mwanao nishike kazi.

Mstari wa mwisho umerudi kama ulivyo katika beti zote mbili. Hicho ndicho kibwagizo, na kwa kuwa ni kibwagizo hakilazimiki kufuata vina vya ubeti wa pili. Lakini kinapaswa kubeba jambo lenyewe. Ubeti wa kwanza unampandisha mama mzigo kichwani, kibwagizo kinamwambia autue. Mara ya pili mzigo si ndizi tena, ni miaka sabini.

Kuna mahali pawili tulibishana. Katika ubeti wa pili kijana alitaka "Namwomba Mola Manani". Mizani ni nane, kina ni sawa, na watunzi wetu wanalitumia sana jina hilo. Nikamuuliza, mama yako analijua neno Manani? Akasema halijui. Basi angesimama hapo akijiuliza, na dua yake ikampita. "Mungu" analijua, naye ndiye tunayemwomba. Tukaweka "Mungu moyoni".

Pa pili ni ule mstari wa kumwita mama katika dini. Nikamwambia auondoe. Akashangaa: "Sheikh, wewe ndiye unaniambia hivyo?" Nikamkumbusha Sura Luqman, aya ya 14 na ya 15. Mwenyezi Mungu anamtaja mama aliyebeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha anasema hata wazazi wakikushurutisha umshirikishe, usiwatii katika hilo, lakini kaa nao duniani kwa wema. Na Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipojiwa na mama yake ambaye hakuwa Muislamu, alimuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kama amuunge, naye akamwambia amuunge mama yake. Siku ile ni ya mama. Zawadi yenye ndoano ndani yake mpokeaji anaihisi, na mama huyu tayari anadhani amepoteza mtoto. Neno linalomjibu limo katika kibwagizo: "mwanao". Akilisikia mara mbili kinywani mwa mwanawe, inatosha kwa siku moja. Mlango wa daawa hatukuufunga. Kumuomba Allah amuongoze ni jambo la kijana huyu na Mola wake usiku.

Kuhusu kusoma, nilimpa maelekezo mafupi. Apumzike kwenye kila koma, maana hapo ndipo kipande kinapogawanyika na kina cha kati kinasikika. Asikimbie. Beti mbili kwa mwendo huo hazimalizi dakika moja, na ndiyo sababu tulikataa beti sita alizotaka mwanzoni: mzee wa miaka sabini aliyezungukwa na wajukuu wanaopiga kelele hawezi kushika zaidi. Asisome kwenye simu, aziweke kichwani, ili macho yake yawe kwa mama. Na maneno "nishike kazi" yana bei. Nikamuuliza: "Utashika kazi gani?" Akasema atalipia kibarua wa shamba la migomba kila mwezi, mama asipande tena mteremko ule. Nikamwambia, kama hilo ni kweli, soma. Kama si kweli, tubadilishe mstari, kwa sababu mama atakuhesabia ahadi kuliko mimi ninavyokuhesabia mizani.

Akasema ni kweli. Mstari ukabaki.

Wenye mistari yenu ya mama, iwekeni hapa chini tuihesabu pamoja. Leteni kwanza kile mlichomwona akikifanya, vina vitafuata.