Ratiba ya mahojiano na zile dakika tano

Juzi hapa Machakos nilipanga mahojiano ya kazi: watu wanane kuanzia saa tatu asubuhi, nusu saa kila mmoja, chakula saa saba. Kwenye jedwali ilipendeza!

Kila mtu akazidisha dakika tano tu. Wa saa sita na nusu akaingia saa saba na dakika tano, jopo lina njaa na maswali yamekuwa mafupi. Hilo liliniuma, maana yeye hakuchelewa.

Sasa kila baada ya watu watatu naacha dakika kumi na tano tupu. Kabla ya chakula wanaingia saba, si wanane. Pia nawaita robo saa mapema, la sivyo aliyemaliza haraka hatuokolei chochote.