Soma Jedwali Kwanza, Kalkuleta Itangoja

Mkinitumia picha ya swali la probabiliti, kitu cha kwanza mimi hufanya ni kufunika swali lenyewe kwa kidole. Sitaki kujua mnaulizwa nini bado. Nataka kuona jedwali: nani amehesabiwa, amehesabiwa wapi, na kila namba imekaa chini ya kichwa gani. Najua kwa mtu wa fom foo mwenye saa mbili na nusu za karatasi hiyo inakaa kupoteza muda. Lakini kwa zile picha zimejaa kwa inboksi yangu, hesabu yenyewe huwa sawa kabisa. Kugawanya mnajua. Shida ni kwamba mnagawanya namba ambazo hakuna mtu aliwauliza.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kuwatishia nacho. Nina jedwali tu, na ni la nyumbani. Hizi ni namba za sensa ya 2019 za Kisii na Nyamira, vile KNBS ilizitoa. Mstari wa mwisho nimeujumlisha mwenyewe.

| Kaunti | Wanaume | Wanawake | Huntha | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Kisii | 605,784 | 661,038 | 38 | 1,266,860 |
| Nyamira | 290,907 | 314,656 | 13 | 605,576 |
| Zote mbili | 896,691 | 975,694 | 51 | 1,872,436 |

Hebu angalia vizuri kabla hujasonga. Kuna mtego hapo ambao hakuna mwalimu aliutunga. Wanaume wa Kisii ni 605,784. Watu wote wa Nyamira, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto wachanga, ni 605,576. Sasa fikiria hii ni picha iliyopigwa usiku kwa simu yenye kioo imepasuka, ikatumwa kwa grupu, mtu akaichukulia skrinishoti, akaituma kwa grupu ingine. Jicho linaona "605 elfu na kitu" mara mbili na linaamua ni kitu kimoja.

Kibaya zaidi ni kwamba kalkuleta haitakushtua. Tuseme umeulizwa: ukichagua mtu mmoja wa Nyamira bila kuchagua, kuna uwezekano gani awe mwanamke? Jibu ni 314,656 ÷ 605,576, karibu 0.52. Ukikosea ukaweka 605,784 hapo chini, bado unapata karibu 0.52. Umetumia wanaume wa kaunti jirani kama watu wote wa Nyamira na jibu limetoka sawa. Kwa swali linalofuata, ukidhani ile 605,784 ni wanaume wa Nyamira, utagawanya na 605,576 na kupata namba iliyozidi 1 kidogo. Hapo angalau kuna kengele, kwa sababu uwezekano hauwezi kupita 1. Ukiona hivyo usianze kubonyeza upya. Rudi kwa picha.

Dawa ni kujumlisha mstari kabla ya kugusa swali. Nyamira: 290,907 na 314,656 ni 605,563. Ongeza 13, unapata 605,576. Imefunga. Kama ungekuwa umeandika 605,784 kwa safu ya jumla, mstari ungekataa kufunga kwa watu 208, na ungejua papo hapo kwamba jicho lako limeruka mstari.

Sasa hiyo 13. Watu wengi huiona kama uchafu wa kioo. Sensa ya 2019 ndiyo ilikuwa ya kwanza Kenya kuwahesabu watu huntha kando, na nchi nzima walipatikana 1,524. Kwa picha nyingi safu yao ni nyembamba na iko karibu na ukingo, kwa hivyo mtu akikata picha ndiyo ya kwanza kwenda. Ukijumlisha wanaume na wanawake wa Nyamira ukapata 605,563 na jumla inasema 605,576, usikimbilie kusema aliyechapa alikosea. Uliza kama kuna safu hujaona. Hizo 13 zinazokosekana ndizo zinakuambia picha imekatwa.

Na inagusa jibu pia. Swali likisema "asiwe mwanamke", namba ya juu si 290,907. Ni 290,920, yaani wanaume pamoja na wale 13. Ukizungusha hadi desimali mbili tofauti haionekani, nakubali. Lakini swali likitaka idadi yenyewe, 290,907 ni jibu la swali lingine. Pia, hao ni watu 13 ambao waliulizwa na wakajibu. Sioni ni kwa nini tuwafute kwa sababu ya uvivu wa kidole.

Haya, toa kidole kwa swali. Hapa ndipo namba ya chini inapoamua kila kitu, na nitatumia namba moja tu ya juu ili uone: wale wanawake 314,656 wa Nyamira.

Nikisema, "Umechukua mtu wa Nyamira, je ni mwanamke?" tayari nimekufungia ndani ya mstari wa Nyamira. Namba ya chini ni 605,576, jibu ni 0.52. Nikisema, "Umechukua mwanamke kutoka kaunti hizi mbili, je anatoka Nyamira?" nimekufungia ndani ya safu ya wanawake. Namba ya chini inakuwa 975,694, jibu ni kama 0.32. Na nikisema, "Umechukua mtu yeyote kutoka kaunti zote mbili, je ni mwanamke wa Nyamira?" sijakufungia popote, kwa hivyo chini inaenda jumla kubwa, 1,872,436, na jibu ni kama 0.17. Wanawake ni wale wale, majibu ni matatu. Kabla ya kuandika chochote, jiulize tayari umeambiwa nini kuhusu huyu mtu. Kile ambacho tayari unajua ndicho kinachagua mstari au safu, na jumla iliyo mwisho wa huo mstari au safu ndiyo inakaa chini.

Kuna msee huwa ananiambia kwa komenti kwamba hii ni ya kupita mtihani tu. Wacha nimwambie kitu. Kuna kikundi cha vijana huku Nyamira kilipata nafasi 50 za mafunzo, na wakakubaliana zigawanywe kulingana na idadi ya wanaume na wanawake kwa kaunti. Mmoja wao akaja na slaidi safi, yenye rangi: wanawake ni asilimia 32. Kwa hivyo nafasi 16 kwa wanawake, 34 kwa wanaume. Watu wakaanza kupiga makofi.

Dada mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akauliza, "Hiyo 975,694 umegawanya nayo ni ya kina nani?" Jamaa akasema ni jumla. "Jumla ya wapi, kaka? Nyamira nzima haifiki laki saba."

Kimya. Alikuwa amesoma chini ya safu badala ya mwisho wa mstari. Asilimia 32 ilikuwa kweli, ila ilikuwa inajibu swali la wanawake wangapi wa kaunti hizi mbili wanatoka Nyamira, na hakuna mtu kwenye kile chumba alikuwa ameuliza hilo. Ukitumia 605,576, wanawake ni asilimia 52 na nafasi zao ni 26. Wasichana kumi walikuwa karibu kurudi nyumbani kwa sababu ya jumla isiyo yao. Na huyo dada hakuhitaji kalkuleta. Aliona tu kwamba namba ya chini ni kubwa kuliko watu wote waliokuwa wanazungumziwa.

Kosa lingine la haraka ni ule mstari wa "Zote mbili". Kuna watu hujumlisha safu yote ya mwisho kutoka juu hadi chini na kupata 3,744,872. Huo mstari si kaunti ya tatu. Ukiuingiza umewahesabu watu wote mara mbili, na kila uwezekano utakaopata utakuwa nusu ya ule wa kweli. Ukiona jumla yako imekuwa mara mbili kamili ya ile iliyochapwa, hiyo ndiyo sababu.

Kisha kuna majedwali ya safu mbili tu, yale mnayaona rahisi. Hili nimelitunga: nyumba zenye mtoto 1 ni 6, zenye watoto 2 ni 9, zenye 3 ni 10, zenye 4 ni 5. Nyumba zote ni 30. Uwezekano kwamba nyumba ina watoto 3 ni 10 kwa 30. Lakini ukichagua mtoto badala ya nyumba, lazima uhesabu watoto: 6, kisha 18, kisha 30, kisha 20, jumla 74. Uwezekano kwamba huyo mtoto anatoka kwa nyumba ya watoto 3 ni 30 kwa 74, karibu 0.41. Safu moja inasema ni watoto wangapi kwa kila nyumba, ingine inasema ni nyumba ngapi. Kichwa cha safu ndicho kinakuambia, na kichwa ndicho watu hukata wakipiga picha. Mkinitumia picha bila kichwa nitairudisha, msikasirike.

Kufunga kwa mstari kuna mipaka yake, na sitaki mtu aniambie nilimdanganya. Kunakuambia namba zimesomwa zikiwa zinakubaliana. Ukibadilishana wanaume na wanawake kwa bahati mbaya, mstari wa Nyamira bado utafunga vizuri sana, 605,576 bila wasiwasi, na jibu lako litatoka 0.48 badala ya 0.52. Hapo kinachokuokoa ni kurudi kwa vichwa, au kujumlisha safu kwenda chini pia, kwa sababu safu haitakubali: 661,038 na 290,907 haifiki 975,694.

Na hata ukisoma kila kitu sawa, jedwali linaongea kuhusu waliohesabiwa Agosti 2019. Ukisimama Keroka siku ya soko, pale mpaka wa kaunti hizi mbili unapopita, ukamshika wa kwanza anayekupita na mzigo wa ndizi, 0.52 haikuambii chochote kumhusu. Hukumchukua kutoka kwa watu wote wa Nyamira. Umemchukua kutoka kwa watu wanaokuja soko, na pengine amevuka tu barabara kutoka Kisii.