Waya mmoja, neno moja: jinsi tulivyokunja "Moni" ya Kauma

Wengi mmetuuliza kile kibango cha waya kilitengenezwaje bila kuunganishwa popote. Leo tunaeleza, maana ni kazi ambayo kijana yeyote mwenye koleo na uvumilivu anaweza kuijaribu.

Mwenye duka alikuwa papa mmoja mkimbizi mwenzetu, aliyekuwa na kinyozi kule Kauma, Lilongwe. Alitaka neno la kukaribisha watu juu ya mlango. Yeye alipenda "Karibu". Majirani zake Wamalawi wakamwambia aandike "Takulandirani", maana wateja wengi ni Wachewa. Sisi tulikuwa na waya wa mabati wa milimita 4, mita 5 tu, na hela ya kununua mwingine haikuwepo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kilikuwa kupima. Tulichora maneno kwa mkaa kwenye sakafu ya simenti, herufi ndogo zikiwa na urefu wa sentimita 20, kwa mwandiko wa kuunganisha. Halafu tukalaza uzi juu ya mchoro, tukafuata kila kona, tukaunyoosha na kuupima. "Karibu" ilikula zaidi ya mita 6. "Takulandirani" hata hatukumaliza kuipima. Ndipo tukafikiria "Moni", salamu ya Kichewa ambayo hata mgeni wa wiki moja hapa Malawi anaijua. Uzi ukasema mita 3 na nusu. Papa akanyamaza kidogo, akasema: "Sawa batoto, tuwasalimie kwa luga yao."

Urefu haukuwa sababu pekee. Katika kazi ya mstari mmoja, herufi i ina shida ya nukta. Katika "Karibu", i iko katikati. Ili upate nukta, waya lazima upande juu, uzunguke, halafu urudi chini kuendelea na b, na ule mstari wa kupanda na kushuka utaonekana kama herufi nyingine. Mafundi wa taa za neoni za kioo wana njia yao. Bomba lao ni lazima liwe mfereji mmoja, maana gesi iko ndani na umeme unaingia ncha moja na kutokea ncha nyingine. Kwa hiyo wanapeleka kioo nyuma ya herufi, na sehemu isiyotakiwa kuonekana wanaipaka rangi nyeusi. Waya wetu hauwaki, hauwezi kufichwa hivyo. Lakini katika "Moni" i iko mwisho kabisa. Mkia wake unaweza kupinda kulia, kupanda, kurudi kushoto na kumalizia kwa pete ndogo juu ya i. Pete hiyo ndiyo nukta.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama umbo linachoreka bila kuinua mkono. Angalia kila ncha na kila njia panda, uhesabu mistari inayokutana pale. Sehemu zenye hesabu witiri (1, 3, 5) zikiwa mbili au hakuna, umbo linapita kwa mstari mmoja. Zikiwa nne, halipiti mpaka urudie mstari. A kubwa ya chapa ina nne: miguu miwili, na pale ufito wa katikati unapogusa kila upande. Ndiyo maana hatukutumia herufi kubwa. Kwetu Kongo mchezo huu ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Emil Torday alikuta watoto wa Wakuba kule Kasai wanachora mchangani maumbo ya namna hii bila kuinua kidole, nao wakamtaka na yeye ajaribu.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, ambao ni kusomeka. Waya hauna mstari mnene na mwembamba kama kalamu. Kinachotofautisha herufi ni wapi unakunja kwa kubana na wapi unakunja kwa upana. Herufi m ni vilele vya mviringo na miguu iliyobana. Ukifanya miguu nayo iwe mviringo, unapata mawimbi tu, na mtu anaweza kusoma u mbili. Kwa kalamu ungeshuka na kupanda juu ya mstari uleule, lakini waya ukirudi juu yake mwenyewe unaonekana mara mbili, mnene na mchafu. Tulichagua vipimo viwili tu: kona za kubana tulizungushia bolti, vilele tulizungushia kopo la maziwa. Waya ukiuachia unafunguka kidogo, kwa hiyo kitu unachokunjia kiwe chembamba kuliko mkunjo unaoutaka.

Herufi o ndiyo ilitupa kazi kubwa. Waya unapanda kutoka mguu wa m, unafika juu, unageukia kushoto na kushuka, unajikata mara moja, unazunguka chini, unapanda upande wa kulia mpaka juu, ndipo unatoka. Kutoka lazima kuwe juu. Tulichora o tatu, za kutokea juu, katikati na chini, tukawaomba wapita njia wasome wakiwa hatua 20. Ile ya kutokea chini karibu wote waliisoma "mani", kwa sababu duara linalotokea chini ni a. Ya katikati iliwagawanya. Ya juu hakuna aliyekosea.

Lakini kutokea juu kunaleta jambo jipya: kiungo kikiinuka kama kilele, n inapata kilele cha ziada na kusomeka m. Tulikilegeza kikae kama kamba ya nguo, chini kidogo katikati, halafu tukabana kona kali pale n inapoanza kushuka. Kati ya n na i tulifanya kinyume chake, chini upana na juu kubana, ili i isimame peke yake.

Katika kukunja, usipime waya wote na kutia alama mapema. Kila mkunjo unakula kiasi chake, na tofauti ya nusu sentimita kwenye m inakuwa kubwa ukifika i. Kunja mara moja, laza juu ya mchoro, tia alama ya chaki ya mkunjo unaofuata. Mmoja wetu alishika koleo, mwingine alizuia ncha ndefu isirukeruke. Pale o inapojikata tulifunga kwa waya mwembamba, tukapaka yote rangi ya njano, tukaiweka mbele ya ubao mweusi.

Tuliishikiza kwa kulabu nne bila kuichomelea. Mwaka 2023, Serikali ilipoamuru wakimbizi wa mijini warudi Dzaleka, papa alifunga duka, akainua "Moni" kutoka kwenye kulabu, akaja nayo imefungwa kwenye kitenge. Sasa iko juu ya mlango wake hapa kambini, ambako wateja wake wengi wanazungumza Kiswahili. Tulimuuliza kama tumkunjie "Karibu". Akasema tukipata waya, tuiweke upande wa pili. Uliobaki ni mita moja na nusu, na "Karibu" kwa mita hiyo inatoka na herufi za chini ya sentimita 5. Bolti letu ni nene mno kwa kona hizo. Tunatafuta msumari wa kukunjia.