Ujumbe wa Pesa Si Pesa

Mkungu wa ndizi ukishakatwa haurudi mgombani. Kwa sababu hiyo, tapeli anayejifanya mnunuzi hupenda kwenda shambani kuliko sokoni. Sokoni muuzaji anaweza kuurudisha mzigo wake mezani akasubiri mteja mwingine. Kibanjani, mikungu ikishalazwa chini, muuzaji huanza kuogopa jua, na anayeogopa jua hana subira ya kukagua simu.

Mama mmoja mjane wa Buganguzi, wilayani Muleba, alipata mnunuzi wa namna hiyo. Alikuja na gari dogo la mizigo, akasema anapeleka ndizi Mwanza, wakakubaliana mikungu 45 kwa shilingi 7,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 315,000. Hakubishana sana juu ya bei, jambo ambalo kwa wachuuzi wa ndizi lingetosha kumshtua mtu. Vijana wakaanza kukata.

Walipofika mkungu wa 12, mnunuzi akasema hana haja ya kutembea na fedha taslimu, atatuma kwa simu. Akaomba namba, akabofya, na baada ya muda simu ya mama ikalia. Mjukuu wake wa kidato cha pili, ambaye ndiye msomaji wa meseji pale nyumbani kwa kuwa macho ya bibi hayaoni tena herufi ndogo, akausoma kwa sauti: imethibitishwa, umepokea Tsh 315,000, salio lako jipya ni Tsh 318,200.

“Tayari mama, tupakie,” akasema mnunuzi.

Mama akamwambia mjukuu arudie mwisho wa ujumbe. Yeye ni mhazini wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na asubuhi ile simu yake ilikuwa na shilingi 286,500, nyingi zikiwa michango ya wenzake. Hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani na kwenye daftari. Ukiongeza 315,000 unapata 601,500, na ujumbe ulisema 318,200. Anayetunga ujumbe wa uongo anaweza kuiga maneno yote ya kampuni, hata namba ya muamala yenye herufi na tarakimu, lakini hajui mwenye simu alikuwa na kiasi gani kabla. Hapo hulazimika kubahatisha, na huyu alibahatisha kwamba mjane wa kijijini atakuwa na shilingi elfu tatu na kitu.

Lakini kosa la hesabu ni dalili tu. Tapeli mwangalifu huacha kabisa kuandika salio, au hunakili ujumbe wa kweli wa zamani akabadilisha kiasi. Jina la mtumaji nalo halitoshi. Ujumbe huu ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, na hilo lilionekana. Ila mtu akiwahi kuishika simu yako dakika mbili anaweza kuihifadhi namba yake kwa jina la M-Pesa, na ujumbe wake ukaja umevaa jina hilo. Ujumbe ni barua tu, na barua yeyote anaweza kuiandika. Fedha zenyewe zinakaa kwenye akaunti, na akaunti huulizwa moja kwa moja.

Mnunuzi akanyoosha mkono. “Lete simu mama, nikuangalizie, mtandao wa huku milimani ni mzito.”

“Waitu, subiri kidogo,” akajibu mama, na simu ikabaki kwa mjukuu.

Kijana akapiga mwenyewe:

```
*150*00#
```

Hiyo ndiyo menyu ya M-Pesa, na kila mtandao una yake. Hakufungua kiungo chochote wala hakuipiga namba iliyoleta ujumbe. Akaenda kwenye sehemu ya akaunti, akachagua kuangalia salio, bibi akaweka namba ya siri mwenyewe akiwa amegeuka pembeni. Jibu likaja: 306,500.

Hapo ndipo watu wengi hunaswa, maana salio lilikuwa limepanda kweli. Shilingi 20,000 zilikuwa zimeingia tangu asubuhi. Mnunuzi akachangamka, akasema si mnaona, zimeanza kuingia, zilizobaki zinakuja nyuma. Maneno hayo yana utamu kwa mtu mwenye haraka, ila si kweli. Muamala mmoja wa simu hauingii kwa mafungu. Ama kiasi chote kiko kwenye akaunti, ama hakuna kitu. Mtandao ukiwa mzito kinachochelewa ni ujumbe, na mara nyingine fedha huwa zimeshaingia na salio linaonyesha hivyo kabla simu haijalia. Ndiyo maana salio linaaminika pande zote mbili: linamkana tapeli, na linamtetea mnunuzi mwaminifu ambaye ujumbe wake umekwama njiani.

Ila salio peke yake halisemi fedha zimetoka wapi. Mjukuu akarudi kwenye menyu, akaomba taarifa fupi, yaani orodha ya miamala ya mwisho. Mwenye simu janja na programu ya kampuni yake huiona orodha hiyo humo humo. Muamala wa juu kabisa ulikuwa wa kupokea 20,000, na namba yake ya muamala haikufanana na ile ya ujumbe wa mnunuzi. Wakatafuta kwenye meseji, wakakuta namba hiyo hiyo kwenye ujumbe wa kweli kutoka kampuni: binti wa mama aliyeko Bukoba alikuwa amemtumia mama yake fedha za dawa. Muamala wa 315,000 haukuwepo popote.

Mama hakumwita mtu mwizi. Alisema tu kwamba kwenye taarifa hakijaonekana kitu, kwa hiyo wangoje, au waende wote kwa wakala wakamalizane kwa fedha mkononi. Mnunuzi akasema atatangulia yeye kwa wakala. Gari likashuka kuelekea barabarani na halikurudi.

Mikungu 12 ilibaki chini. Ilipelekwa sokoni ikauzwa kwa 5,000, ikaleta 60,000 badala ya 84,000, kwa hiyo mama alipoteza 24,000. Angepakia yote 45 angepoteza 315,000. Na kuna mchezo mwingine unaofuata mara nyingi baada ya ujumbe wa uongo: mnunuzi hudai amezidisha, akaomba arudishiwe ziada. Mwenye kurudisha hutoa fedha zake za kweli. Kwa mhazini huyu zingekuwa za kikundi, na Jumapili angesimama mbele ya akina mama wenzake kueleza.

Ukaguzi huu nao una mpaka wake. Fedha zikiwa zimeingia kweli, mtumaji bado anaweza kuilalamikia kampuni kwamba alikosea namba, na mzozo ukaanza. Kwa hiyo mama sasa huandika kwenye daftari namba ya muamala, kiasi, idadi ya mikungu na namba ya gari, na mnunuzi husaini.

Ujumbe ule hawakuufuta. Mjukuu aliutuma kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kupokea taarifa za matapeli wa simu, pamoja na namba iliyouleta. Na vijana wa kukata wameambiwa panga lisitoke ndani mpaka kijana aseme ameuona muamala kwenye taarifa.