Kikifa, Kifie Upande Gani?

Mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wageni kutoka Kampala hufika na mashati mepesi na jioni yake wakaazima masweta. Katika mji huu shangazi yangu, mwalimu mstaafu, anafuga samaki wa nchi za joto. Ni gapi, samaki wadogo wenye mikia mipana ya rangi, ambao asili yao ni mito ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Maji wanayoyapenda ni ya nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, lakini usiku sebule ya shangazi hushuka hadi 16. Bila hita hawawezi kuishi pale.

Samaki hao walianzishwa na marehemu mume wake. Alinunua 6, akawazalisha kwa miaka mingi, akichagua kizazi baada ya kizazi wale wenye mkia wa buluu iliyokolea. Dukani unaweza kupata gapi wengine, lakini hao huwezi kuwapata tena. Kwa hiyo shangazi alipoambiwa aende Mbarara kutibiwa macho na akae huko siku 7, swali lake la kwanza lilihusu tangi. Mimi nasomea ualimu wa Kiswahili na Fizikia, na nilikuwa nyumbani kwa likizo ya mwezi mmoja kabla ya kurudi chuoni. Nikamwambia nitatengeneza mtambo wa kuwasha hita, kuwasha taa na kulisha samaki. Akanijibu kwa Kikiga, lugha yetu: “Mwanangu, na hicho kidude kikifa usiku, nani atakiamsha?”

Swali hilo ndilo lililoongoza kazi yote. Kila kifaa hufa siku moja, tena hakichagui saa. Mtu anayepanga mtambo wa kuachwa peke yake asiulize tu kama utafanya kazi. Aulize kila sehemu ikifa itabaki katika hali gani, na kama samaki wanaweza kuivumilia hali hiyo mpaka mtu afike.

Kwa samaki jibu lina upande mmoja ulio wazi. Baridi huja polepole, kwa kuwa maji mengi huchelewa kupoa, lakini hita iliyokwama ikiwaka inaweza kuwapika kwa usiku mmoja. Njaa ya siku chache gapi mkubwa huivumilia, ila chakula kingi kinachooza majini hutoa amonia inayomuua haraka. Giza la wiki moja halimdhuru. Basi kanuni yangu ikawa fupi: kila kitu kikiharibika, kiishie kwenye kuzima.

Nilianza na hita, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua. Hita nyingi za tangi zina kidhibiti joto ndani yake, yaani ncha mbili za chuma zinazogusana maji yakipoa na kuachana yakipata joto. Kila zinapoachana hutokea cheche ndogo. Baada ya maelfu ya cheche, ncha hizo zinaweza kuungana kama zilizochomelewa, na tangu hapo hita haizimi tena. Jirani mmoja wa shangazi alipoteza samaki wake wote kwa njia hiyo. Hita yake ilikuwa ya wati 200 katika tangi la lita 60, sawa na tangi la shangazi.

Wati hizo ndizo kiini cha jambo. Watu hununua hita kubwa wakidhani ni salama zaidi, kumbe ukubwa wake ndio hatari. Niliazima hita ya wati 50, nikaiweka katika tangi la akiba la ukubwa uleule, lenye kifuniko lakini halina samaki. Nikageuza kidhibiti chake hadi mwisho ili isizime kabisa, nikaiacha siku 3. Maji yalipanda, kisha yakatulia karibu nyuzi 9 juu ya wastani wa joto la chumba. Hayakupanda tena, kwa sababu joto lililoingia lilikuwa sawa na lililotoka kupitia vioo na kifuniko.

Hesabu iliyobaki ni nyepesi. Wastani wa sebule, usiku na mchana, ni nyuzi 19. Hita ya wati 50 ikikwama ikiwaka, maji yatafika 28 na kusimama hapo, na gapi atavumilia. Hita ya wati 200 ina nguvu mara 4. Mara 4 ya 9 ni 36, na ukijumlisha 19 unapata 55. Maji ya moto hupoteza joto zaidi kwa mvuke, kwa hiyo hayatafika huko hasa, lakini samaki watakuwa wamekufa zamani. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza hauna waya wala programu. Ni kuchagua hita ambayo, hata ikichizi, haina nguvu ya kuua.

Ila kipimo hicho ni cha tangi lile, katika hali ile. Nilikuwa nimebandika sponji nene nyuma na chini ya tangi kabla ya kupima. Mtu akija baadaye kulifunga tangi lote kwa blanketi ili kusaidia hita, joto litatoka kwa shida, na zile nyuzi 9 zinaweza kuwa 12 au zaidi. Ukibadilisha kifuniko, pima upya.

Ulinzi wa pili ni vidhibiti viwili vilivyofuatana kwenye waya mmoja, ili umeme upite pale tu vyote viwili vinaporuhusu. Cha kwanza ni kile cha ndani ya hita, nilichokiweka nyuzi 27. Cha pili ni bodi ya Arduino inayosoma kihisi joto na kuendesha relei, ikilenga 25. Kwa siku za kawaida bodi ndiyo inayofanya kazi, na kile cha ndani husubiri. Waya wa hita niliufunga kwenye upande wa relei ambao huwa wazi relei ikikosa umeme, kwa hiyo bodi ikikosa umeme, hita huzima.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Kihisi nilichotumia ni DS18B20. Waya wake ukikatika, maktaba ya programu haisemi “sijui”. Inarudisha namba -127. Programu ya kawaida husema: joto likiwa chini ya 25, washa hita. Sasa -127 ni chini ya 25, basi waya uliokatika huwa amri ya kuwasha hita milele. Dawa yake ni kukataa kwanza kila namba isiyoaminika:

```
kihisi.requestTemperatures(); float t = kihisi.getTempCByIndex(0);
if (t < 15 || t > 32)  digitalWrite(HITA, LOW);
else if (t < 24.5)     digitalWrite(HITA, HIGH);
else if (t > 25.5)     digitalWrite(HITA, LOW);
```

Mstari wa pili ndio mlinzi. Nilichagua 15 kwa kuwa sebule haishuki chini ya 16, hivyo maji yenyewe hayawezi kufika huko. Namba kama hiyo ina maana moja tu, kwamba kihisi kimeharibika. Lakini mlinzi huyu ana kikomo. Kihisi kikichomoka majini na kuning'inia hewani, kitasoma 18, namba inayoaminika kabisa, na hita itawaka. Hapo ndipo kidhibiti cha ndani huikata maji yakifika 27, na kikishindwa nacho, zipo zile wati 50 zinazoishia 28.

Taa haikunipa kazi kubwa. Huwaka saa 4 asubuhi na kuzima saa 12 jioni, kwa kufuata saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake, isiyopotea umeme unapokatika. Betri ikiisha kisha umeme ukakatika, saa hiyo husoma mwaka 2000. Bodi ikiona mwaka huo haiwashi taa wala hailishi.

Chakula kilihitaji fikra zaidi, na sababu ni umeme wetu. Katika mvua za Kabale umeme unaweza kukatika na kurudi mara nyingi kwa saa moja. Mtambo unaolisha kila unapowaka utalisha kila umeme unaporudi. Kwa hiyo bodi huandika tarehe ya mlo katika kumbukumbu ya EEPROM, ambayo haifutiki, na kabla ya kulisha hukagua kama leo imeshaandikwa. Mpangilio wa hatua ndio muhimu: iandike tarehe kwanza, kisha mota izunguke. Ukizungusha kwanza, na umeme ukakatika kabla hujaandika, samaki watakula mara mbili. Ukiandika kwanza, hasara kubwa kabisa ni kukosa mlo mmoja.

Hata hivyo mota yenyewe inaweza kukwama ikizunguka. Programu haiwezi kuzuia hilo, basi nililizuia kwa mkono. Chakula kimo katika sahani ya duara yenye matundu 7, tundu moja kwa siku. Nilijaza 4 tu, nikaacha 3 tupu katikati yao, kila tundu likiwa na chakula cha kuisha kwa dakika 2. Sahani yote ikimwagika kwa mara moja, tangi litapata milo 4 midogo na si kopo zima.

Kabla shangazi hajasafiri, nilimwonyesha jaribio ambalo nadhani lina thamani kuliko mtambo wenyewe. Ulinzi wa akiba hufa kimyakimya. Kidhibiti cha ndani ya hita kikiungana leo, hakuna atakayejua, kwa sababu bodi inaendelea kuzima kwa wakati. Siku bodi itakaposhindwa ndipo ataona kwamba akiba haikuwepo. Kwa hiyo kila mwezi mtu ageuze kidhibiti hicho hadi 22, wakati maji yana 25. Taa ndogo ya hita ikiendelea kuwaka hata bodi inapoiwasha, hita hiyo itupwe siku hiyo hiyo. Kisha achomoe waya wa kihisi na kusikiliza: relei ikilia “tik” na kuachia, mlinzi yupo. Shangazi aliyafanya yote mawili mwenyewe, akaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Siku ya 3 ya safari yake umeme ulikatika saa 3 usiku, ukarudi saa 9. Asubuhi jirani aliyeachiwa ufunguo alisoma kipimajoto cha kioo na kunitumia ujumbe: 23, samaki wanaogelea. Maji yalikuwa yameshuka hadi karibu 22 na sasa yanapanda taratibu, kwa kasi ndogo ya wati 50. Umeme ungekatika siku 2 mfululizo, maji yangefika joto la chumba na mtambo wangu usingeweza lolote. Kwa hali hiyo nilimwachia jirani maelekezo ya mkono: ajaze chupa 2 za plastiki maji ya moto, azifunge vizuri, aziweke zielee ndani ya tangi, na azibadilishe zikipoa. Na asiwape samaki chakula.